Mita Inapokataa Tokeni

Nyumba nyingi za wageni kandokando ya bahari, kuanzia Watamu hadi Malindi, hukaa zimefungwa miezi mingi ya mwaka. Mwenyewe yuko Italia, funguo ziko kwa mtunza nyumba, na stima hununuliwa kwa simu. Ikiisha, mtunza nyumba hujikuta amesimama mbele ya kidude chenye skrini ndogo na vitufe. Ujumbe wa tokeni ni wa Kiingereza, maneno ya skrini ni ya Kiingereza, na karatasi ya maelekezo aliyoiacha mwenye nyumba ni ya Kitaliano. Yeye mwenyewe anasema Kigiriama na Kiswahili. Hata hivyo anaweza kuielewa mita vizuri, maana maneno inayotumia kujibu ni machache na kila moja lina sababu yake.

Aanze na ujumbe. Ndani yake mna namba ya mita baada ya herufi Mtr, kisha neno Token likifuatwa na tarakimu 20 zilizogawanywa nnenne kwa vistari, halafu tarehe, yuniti na pesa zilizolipwa. Kinachoingizwa kwenye mita ni zile tarakimu 20 peke yake. Vistari haviingizwi. Tarakimu ikikosewa hufutwa kwa kitufe cha mshale wa kurudi nyuma, na zikitimia zote hubonyezwa kitufe cha kuthibitisha. Kwenye vidude vingi, kitufe cha 5 kina kinundu kidogo kinachomsaidia mtu kuzitafuta namba nyingine kwa kupapasa, jambo la maana nyumba ikiwa gizani.

Mita yenyewe mara nyingi iko juu ya nguzo nje, na kile kidude cha ndani huongea nayo kupitia nyaya za stima. Umeme ukishakatika kwa sababu yuniti zimeisha, kidude huhitaji betri ndogo ili kiwake. Kwa hiyo skrini ikiwa nyeusi tii, hatua ya kwanza ni kubadilisha betri, kabla hata ya kumpigia fundi.

Wengi hudhani mita huuliza mahali fulani kama tokeni imelipiwa. Sivyo. Mita za aina hii hazihitaji mtandao wowote ili kukubali tokeni. Zinafuata mfumo uitwao STS, ulioanzia Afrika Kusini na sasa unatumika katika nchi nyingi, na chini ya mfumo huo zile tarakimu 20 ni ujumbe mfupi uliofungwa kwa siri. Ndani yake mmeandikwa idadi ya yuniti, dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, na namba ya ukaguzi. Ufunguo wa kuufungua umo ndani ya mita, na hutengenezwa kwa kutumia namba ya mita hiyo. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako hata kama mita zenu zimetoka kiwanda kimoja.

Hapo ndipo neno REJECT linapoeleweka. Ukibonyeza 6 badala ya 9 katika nafasi moja tu, ujumbe wote huvurugika unapofunguliwa, na namba ya ukaguzi haikubaliani tena na yaliyomo. Mita inajua kwamba ujumbe si sahihi, lakini haiwezi kujua kosa liko wapi, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha. Dawa ni kulinganisha kwanza namba ya mita iliyo kwenye ujumbe na ile ya mita yenyewe, kisha kuingiza tarakimu upya taratibu, nne kwa nne. Kukisia hakusaidii, na kubahatisha mara nyingi mfululizo kunaweza kuifanya mita igome kwa muda.

USED ni habari tofauti kabisa. Hapa ujumbe umefunguka vizuri, ila mita inaikumbuka ile dakika ya tokeni: ilishaingizwa. Huenda mtu mwingine wa nyumbani alitangulia, au mtunza nyumba alibonyeza akaondoka bila kungoja jibu. Yuniti zimo tayari, na hakuna haja ya kununua nyingine. OLD nayo hutokea tokeni ikiwa ya zamani kuliko zote ambazo mita bado inazikumbuka. Kwa kuwa mita huhifadhi kumbukumbu za tokeni kadhaa za nyuma, kuingiza ya leo kabla ya ile ya juzi kwa kawaida hakuleti tatizo.

Kuhesabu dakika huko ndiko kulikowaletea wengi usumbufu mwaka 2024. Hesabu ilianza mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengewa dakika ilikuwa na mwisho wake: dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo ilibidi kila mita ibadilishiwe ufunguo na ianze hesabu mpya. Nchini Kenya, wateja wa Kenya Power walipewa namba tatu badala ya moja.

Tuseme nyumba ya Malindi ilikuwa imefungwa wakati huo, na mwenyewe anamtumia mtunza nyumba namba hizo tatu kutoka Italia. Mtunza nyumba anaona yuniti zimetajwa pamoja na namba ya mwisho, basi anaanza na hiyo. REJECT. Anarudia, jibu ni lile lile. Namba yenyewe haina kosa. Imefungwa kwa ufunguo mpya, na mita bado ina ule wa zamani. Zile namba mbili za mwanzo hazina yuniti hata moja. Kazi yake ni kuuleta ufunguo mpya, na zimekuwa mbili kwa sababu ufunguo mzima hautoshi ndani ya tarakimu 20, basi kila moja hubeba nusu. Akiingiza ya kwanza, mita huipokea na kungoja. Akiingiza ya pili, ufunguo hubadilika. Sasa ile ya tatu, iliyokataliwa dakika chache zilizopita, inakubaliwa, na taa zinawaka.

Kinachobaki ni kusoma salio. Namba fupi za kuuliza hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo ni muhimu kusoma jina lililo kwenye mita kabla ya kuazima namba za jirani. Kwenye mita nyingi za Hexing, kuandika 801 na kuthibitisha huleta yuniti zilizobaki, 800 huleta jumla ya yuniti zote zilizotumika tangu mita ifungwe, na 804 namba ya mita. Watu wengi huchanganya 800 na 801, wakaona maelfu na kufurahi bure. Namba ya 800 hupanda siku zote. Ya 801 hushuka kila stima inapotumika.

Yenye faida kubwa kwa nyumba iliyofungwa ni 808, inayoonyesha nguvu inayotumika wakati huo huo kwa kilowati. Salio likiwa yuniti 12 na 808 ikasoma 0.3, yuniti hizo zitatosha saa 40 hivi matumizi yasipobadilika. Friji ikisimama kupumzika, namba itashuka. Pampu ya maji ikiwaka, itaruka. Mtunza nyumba akizima kila kitu na kuchomoa plagi zote isipokuwa ya kidude chenyewe, 808 inapaswa kukaribia sufuri. Ikibaki juu, kuna kifaa kilichosahauliwa, pengine hita ya maji bafuni, au kuna waya unaovujisha umeme au unaolisha nyumba nyingine. Hapo ndipo fundi anapohitajika, na namba aliyoiona ndiyo ya kumwambia kwanza.