Kamisheni yaweza kumeza bei nzuri ya dola

Msafiri anayefikia Kileleshwa, Nairobi, akiwa na dola 500 huvutiwa na duka la fedha za kigeni lililobandika bei ya juu zaidi ya kununua dola. Bei hiyo pekee haimwonyeshi atakachopokea.

Chukulia duka la kwanza linanunua dola kwa Sh128 bila kamisheni. Atapata Sh64,000. La pili linanunua kwa Sh129.50, lakini linatoza kamisheni ya asilimia mbili. Hesabu inafika Sh64,750, zinakatwa Sh1,295, naye anaondoka na Sh63,455. Kwa hakika, kila dola imenunuliwa kwa Sh126.91, wala si kwa bei iliyo ubaoni.

Mambo hubadilika iwapo duka hilo la pili linatoza Sh300 kwa kila mteja, awe na dola nyingi au chache. Mwenye dola 500 atapata Sh64,450, na hapo amefaidi. Mwenye dola 100, hata hivyo, atapokea Sh12,650, ilhali duka la kwanza lingempa Sh12,800. Maduka hayo mawili hulingana kwenye dola 200.

Ndiyo maana ni heri kuuliza dirishani, kabla ya kutoa noti, ni shilingi ngapi zitakazotiwa mkononi baada ya makato yote.