Kutoka Momela hadi Unguja katika mwezi wa Ramadhani

Watalii wengi wanaoshuka Mlima Meru na kutokea lango la Momela humalizia safari yao Unguja. Ndege ndogo huruka kutoka uwanja wa Arusha, na saa chache baadaye wageni wako Mji Mkongwe, mara nyingine pamoja na kiongozi aliyetumwa na kampuni kuwasindikiza. Katika mwezi wa Ramadhani, kiongozi huyo hulazimika kupanga siku upya, kwa sababu mji unafuata adhana mbili: ya alfajiri na ya magharibi.

Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo saumu ya Unguja huchukua saa 13 na kidogo, Ramadhani iangukie Machi au Agosti. Huanza saa 11 na dakika chache alfajiri na kwisha saa 12 na nusu hivi jioni. Watu huamka kula daku, na wengi hujilaza tena baada ya swala. Ndiyo maana maduka mengi huchelewa kufunguliwa. Shughuli ya ofisini, ya benki au ya bandarini inafaa imalizwe kabla ya adhuhuri, wakati watu bado wana nguvu. Ijumaa hata mapema zaidi, kwa sababu ya swala ya mchana. Kuanzia saa 9 alasiri mji hupoa, isipokuwa soko la Darajani, ambako kila mtu anatafuta muhogo, ndizi mbichi, magimbi na tende za futari. Bei ya vitu hivyo hupanda mwezi huu, na lawama za bei ni sehemu ya Ramadhani kila mwaka.

Saa ngumu kuliko zote ni ile ya kuelekea magharibi. Dereva aliyepangiwa kuwachukua wageni saa 12:20 jioni atakuwa njiani adhana ikilia, na kwake futari inapoa. Kiongozi mwenye busara huwafikisha wageni hotelini saa 11, au hupanga safari ya saa 2 usiku. Ikiwa hakuna budi, dereva abebe tende na maji, asimame dakika chache, afungue.

Mchana migahawa ya kawaida hufungwa. Hoteli za watalii huendelea kuwapikia wageni ndani, pasipoonekana na wapita njia. Kiongozi wa kutoka Momela asiyefunga naye atakula humo humo, kwenye chumba cha wafanyakazi au chumbani kwake; wali wa kando ya barabara asautegemee. Kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani kunaudhi, na polisi wa Zanzibar wamewahi kukamata watu kwa hilo. Kutokuwa Mwislamu si kinga ya kutegemea. Chupa ya maji, ambayo mlimani haimtoki mtu mkononi, hapa hukaa ndani ya mkoba. Mabega na magoti hufunikwa. Kitenge au khanga inatosha. Hakuna haja ya kumwonea huruma aliyefunga wala kumwuliza kila saa kama ana njaa.

Mwaliko wa kufuturu ukija, usikataliwe bila sababu. Mgeni hufika kabla ya adhana, akiwa na tende au matunda akipenda, huvua viatu mlangoni na kuketi alipoonyeshwa. Mara nyingi wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Vyakula viko mbele ya watu, lakini hakuna anayegusa mpaka adhana isikike. Huanza tende na maji, labda na uji wa pilipili manga. Kisha wenyeji huinuka kuswali magharibi. Hapa ndipo mgeni hukosea: hudhani karamu imekwisha na kuaga, au huwa amekwisha kujishindilia kaimati na sambusa. Akae tu, chakula chenyewe bado: muhogo na ndizi za nazi, samaki au pweza, tambi, mkate wa kumimina.

Baada ya isha na tarawehe, kuanzia saa 3 usiku, mji hufunguka upya. Forodhani hujaa watu na moshi wa mishikaki, na kumi la mwisho maduka ya nguo huuza hadi usiku wa manane. Kwa mgeni, usiku huu ndio wakati wa kutembea na kununua.

Mwisho wa mwezi una mtego wake. Ramadhani huwa ya siku 29 au 30, na Idi hutangazwa usiku mwezi ukionekana. Kwa hiyo mikutano na manunuzi yasipangwe siku yoyote kati ya mbili zinazowezekana kuwa Idi, wala siku inayofuata, kwani sikukuu ya Unguja haiishi kwa siku moja. Tiketi ya boti au ya ndege ya siku hizo hukatwa mapema, kabla Waunguja wa bara hawajaanza kurudi nyumbani.