Umeshamsomea namba? Wahi simu!

Mwezi uliopita dada yangu aliyeko Houston, Marekani, alinipigia usiku wa manane huku analia. Jamaa mmoja alimpigia akijidai mtu wa kodi, akamtishia kumtia ndani asiponunua kadi 3 za zawadi za dola 100 kila moja, azikwangue na kumsomea namba. Masikini, akasoma zote!

"Mdogo wangu, nimeliwa."

"Kadi na risiti unazo?"

"Ninazo."

Nikamwambia asizitupe ng'o, ndiyo ushahidi wake. Amkatie simu yule tapeli, kisha ampigie aliyetoa kadi, palepale. Namba ya simu iko nyuma ya kadi. Asiokoteze yoyote ile mtandaoni, maana matapeli nao huweka za kwao. Aseme kadi zimetumika kwenye utapeli, ataje namba za kadi na za risiti, aombe zifungwe na arudishiwe pesa.

Akafanya hivyo. Kadi 2 zilikuwa zimeshakombwa, hizo basi tena. Ya 3 ilikuwa bado na salio, ikafungwa, akarudishiwa dola 100 zake. Wangekuta imetumika, angeambulia patupu. Kesho yake akaripoti polisi na kwenye ReportFraud.ftc.gov.

Mnadhani yaliishia hapo? Siku mbili baadaye mwingine akapiga, eti atazirudisha zile 200, alipwe dola 50 kwanza. Huyo naye ni tapeli, wasomaji wangu. Dada safari hii alimkatia simu.