Utando wa kibodi: Kinga ya chai ambayo huenda ikaikosesha mashine hewa

Chai ikimwagika juu ya kipakatalishi, haikawii kupenya. Chini ya vitufe mna plastiki nyembamba yenye njia za umeme, na chini zaidi, katika mashine nyingi, umo ubao mkuu wa saketi. Sukari iliyomo ndani ya chai hubaki hata baada ya maji kukauka, vitufe vikawa vinanata.

Ni kwa kuhofia hasara hiyo ndipo wengi hununua utando wa silikoni wa kufunika kibodi. Kinga yake ni ya kweli, ila ina mipaka. Tuseme karani amemwaga nusu kikombe. Utando utaidaka chai kama sinia, lakini ukingo wake ni mfupi na inayofurika huelekea kwenye vipaza sauti na kitufe cha kuwashia. Karani anapaswa kuuzima mtambo mara moja, kuchomoa waya wa umeme, kupangusa kingo, kisha kuuinua utando ukiwa mlalo. Akiukunja kwa haraka, ataimimina chai pale pale alipokuwa akipakinga.

Vumbi nalo huzuiwa lisiingie kati ya vitufe. Hata hivyo, feni huvuta vumbi kupitia matundu mengine, na utando hauna la kufanya hapo.

Swali la joto hutegemea mahali mashine inapovutia hewa. Vipakatalishi vingi vya ofisini huvuta hewa kutoka chini na kuitoa nyuma au ubavuni, hivyo utando hauleti madhara makubwa. Baadhi ya mashine, hasa zile za michezo ya video, huvuta sehemu ya hewa kupitia kibodi. Nyingine hazina feni kabisa, na hutegemea mwili wake kuondoa joto. Silikoni, ambayo haipitishi joto vyema, huwa kama blanketi.

Mwenye shaka anaweza kuipima mashine yake mwenyewe. Aifanyishe kazi moja nzito kwa nusu saa bila utando, aiache ipoe, kisha airudie kazi iyo hiyo ikiwa imefunikwa. Feni ikivuma zaidi au mashine ikizorota mara ya pili, utando uondolewe wakati wa kazi nzito.

Kwa mchapaji mwepesi, kero ni vidole. Silikoni hufifisha mguso wa kitufe, hivyo herufi hurukwa. Utando uliotengenezewa mashine nyingine ni balaa zaidi, kwani hata kitufe cha Enter hutofautiana umbo kati ya kibodi za Uingereza na za Marekani.

Kisha kuna kosa ambalo wengi hawalifikirii: kufunga kifuniko utando ukiwa bado ndani. Katika mashine nyembamba, nafasi kati ya skrini na vitufe ni ndogo mno, na kampuni ya Apple huwaonya wateja wake kwamba kitu kilichoachwa juu ya kibodi kinaweza kuiharibu skrini. Kioo cha skrini, kikipasuka, hugharimu zaidi kuliko kibodi iliyokuwa ikilindwa.

Utando huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni, na haurudishwi hadi ukauke pande zote mbili.