Telefone ilijibadilisha usiku, aparei ya masikio ikakataa: namna ya kuziunganisha tena

Leo naleta jambo lililotusumbua nyumbani kuanzia siku ya posho mpaka yenga jioni. Yaya wangu, mwenye lisansi kama wengi wenu, anasikia kwa msaada wa aparei mbili za masikio. Kwa mwaka mzima, mtu akimpigia, sauti ilitoka kwenye telefone ya Android na kuingia moja kwa moja ndani ya aparei. Usiku mmoja telefone ikaonyesha "Mise à jour du système", akakubali, akalala. Asubuhi simu zikaanza kutokea kwenye telefone yenyewe, na yeye hasikii kitu. Na siku ya kazi moja, saa tatu, ofisi moja ya Kinshasa ilipaswa kumpigia kwa enterviu ya kazi.

Aliniuliza: "Weye uligusa nini kwenye telefone yangu?" Sikugusa kitu, yaya. Njo tukaanza kutafuta.

Kwanza tuelewe kilichotokea. Siku unaunganisha aparei na telefone, zinatengeneza ufunguo wa siri, kila moja inatunza wake. Kila asubuhi zikikutana, zinalinganisha funguo hizo bila kukuuliza kitu. Sasisho kubwa linaweza kubadilisha sehemu ya telefone inayosimamia Bluetooth, na hapo ufunguo wa zamani haukubaliwi tena. Alama yake iko hivi: jina la aparei bado liko kwenye orodha, unaligusa, linaandika kwamba linaunganisha, kisha linaanguka tena. Ukiona hivyo, kuzima na kuwasha Bluetooth hata mara kumi ni kazi bure. Inafaa kufuta ule uhusiano wa zamani na kutengeneza mupya.

Kuna jambo lingine lililotudanganya. Aplikasio ya aparei ilikuwa bado inafanya kazi: yaya aliongeza na kupunguza sauti vizuri. Tukasema, basi imeunganishwa. Kumbe ni barabara mbili tofauti. Amri za aplikasio zinapita njia moja, sauti ya simu inapita njia nyingine, na moja inaweza kufa huku nyingine ikiishi. Na ikiwa kwako ni kinyume, yaani simu zinasikika lakini aplikasio haioni aparei, angalia ruhusa kwanza: tangu Android 12, aplikasio inahitaji ruhusa inayoitwa "Appareils à proximité", na bila hiyo haioni kitu.

Yaya aliogopa kufuta. "Wakinifutia mipango ya munganga, nani atanirudishia?" Hofu yake ilikuwa na haki, maana mutaalamu aliyempimia masikio yuko mbali sana. Lakini vipimo vya masikio yake vimetunzwa ndani ya aparei zenyewe, na kufuta jina kwenye orodha ya Bluetooth hakuvigusi. Kitu cha kuepuka ni kitufe cha kurudisha aparei yenyewe kwenye hali ya kiwandani, kama kiko ndani ya aplikasio. Hicho usikiguse bila kumuuliza mutaalamu.

Sasa hatua zenyewe, kwa mpangilio uliotufaulia. Majina ya menyu yanaweza kutofautiana kidogo kwenye telefone yako.

1. Tia batri mpya, ao chaji aparei mpaka ijae. Kupokea sauti ya simu kunakula nguvu kuliko kusikia kwa kawaida, kwa hiyo batri iliyochoka inaweza kukutosha kwa mazungumzo ya nyumbani na ikakuangusha kwenye simu. Kama ni zile batri ndogo zenye kikaratasi, kibandue, ngojea dakika moja hewa iingie, kisha uiweke.

2. Zima Bluetooth ya vyombo vingine vyote vilivyowahi kuunganishwa na aparei: tableti, kompyuta, telefone ya zamani. Aparei ikiamka inatafuta inayemjua, na inaweza kukimbilia huko.

3. Kwenye telefone, ingia "Paramètres", kisha "Appareils connectés" ao "Bluetooth". Gusa alama ya gurudumu kando ya jina la aparei, ufute kwa "Oublier" ao "Dissocier". Likionekana mara mbili, futa yote mawili. Futa aparei ndani ya aplikasio pia, uifunge. Kisha zima telefone na kuiwasha.

4. Zima aparei na kuziwasha tena. Za batri: fungua mulango wa batri, hesabu mpaka kumi, funga. Za kuchaji: zitie ndani ya sanduku lake la chaji, kisha uzitoe. Hapa njo tulikosea siku nzima. Tulikuwa tumefuta jina, lakini aparei zilikuwa zimewaka tangu asubuhi, na telefone haikuziona hata kidogo. Aparei nyingi zinakubali uhusiano mupya kwa dakika 3 hivi tu baada ya kuwaka. Zikipita, mulango umefungwa, unaanza tena hatua hii.

5. Weka aparei karibu kabisa na telefone na uguse "Associer un nouvel appareil". Jina likitokea, kubali. Kwa aina fulani, kushoto na kuume zinaomba kila moja kwa zamu. Ngojea ombi la pili, usifunge ukurasa. Fungua aplikasio mwisho, simu zikiisha kukubali.

Wenye iPhone na aparei zilizotengenezwa kwa ajili yake, njia yenu ni "Réglages", "Accessibilité", "Appareils auditifs". Huko njo mnafuta na kuunganisha, na maombi yanaweza kuja mawili.

Kwetu jina likaonekana limeunganishwa, tukafurahi, nikampigia yaya nikiwa uani. Simu ikatokea tena kwenye telefone! Tukarudi kwenye gurudumu la jina: muziki ulikuwa umeruhusiwa, lakini "Appels" ilikuwa imezimwa. Tukaiwasha, nikapiga tena, akacheka: "Sasa niko nakusikia ndani ya kichwa."

Jaribu kwa simu ya kawaida, kisha kwa WhatsApp, maana kufaulu kwa moja hakuhakikishi nyingine. Jua pia kwamba si kila aparei inachukua sauti yako. Kuna zile zinazokuletea sauti ya mwenzako tu, na maneno yako yanaingia kupitia mikro ya telefone. Mtu akisema hakusikii, leta telefone karibu na kinywa kabla ya kufikiri kwamba imeharibika.

Na ikikataa baada ya kufuata hatua zote mara mbili? Unganisha aparei na telefone ya rafiki. Ikikubali huko, huenda kosa liko kwenye sasisho la telefone yako, na huenda utangojea sasisho lingine la kulirekebisha. Ikikataa huko pia, huenda ni aparei, umwandikie mutaalamu wako. Wakati unangoja, shika telefone juu ya sikio, nyuma kidogo, pale aparei inapokaa, maana mikro yake iko hapo, haiko ndani ya tundu la sikio.

Siku ya kazi moja, saa tatu na dakika mbili, simu ya Kinshasa ililia. Yaya alijibu mara ya kwanza. Majibu ya ile kazi bado tunayangojea, lakini maswali yote aliyasikia. Na ile "Mise à jour" nyingine iliyotokea juma lile, alisema: "Ngojea kwanza, hii tutaifanya siku sina simu ya kungojea."