Kiungo kifupi, vimraba vinene

Mchora ramani za nyumba anayetafuta kazi ana michoro ambayo haienei katika wasifu wa kurasa mbili. Anaipakia kwenye folda ya Google Drive, anatengeneza msimbo wa QR wa folda hiyo, anauweka karibu na jina lake, kisha anakwenda steshenari kuchapa na kutoa kopi. Kwenye kioo cha kompyuta msimbo ulisomeka papo hapo. Mezani kwa mwajiri, simu inasogezwa mbele na nyuma juu ya karatasi na haioni kitu.

Chanzo mara nyingi ni urefu wa kiungo. Msimbo huu, uliobuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, hubeba kila herufi kwa vimraba vyeusi na vyeupe. Mdogo kabisa una vimraba 21 kila upande. Herufi zikizidi, programu huongeza vimraba vinne kila upande, na vinne tena, hadi vienee. Lakini nafasi kwenye karatasi haiongezeki, kwa hiyo kinachopungua ni ukubwa wa kila kimraba.

Tupige hesabu ya mchoraji wetu. Kiungo cha folda kilichonakiliwa kutoka Drive, pamoja na mkia wake `?usp=sharing`, huwa na herufi 84 hivi. Kwa kiwango cha kawaida cha kujirekebisha, kinachoitwa M, kinahitaji vimraba 37 kila upande. Ongeza ukingo mweupe wa vimraba vinne pande zote, ambao simu huutegemea kujua msimbo unaanzia wapi: jumla 45. Msimbo ukipewa sentimita mbili, kila kimraba kinapata milimita 0.44. Mkia unaweza kukatwa na folda bado ikafunguka, ila herufi 72 zinazobaki zinadai vimraba vilevile 37. Kiungo kilichofupishwa cha bit.ly, chenye herufi 22, kinatosha katika vimraba 25, na kila kimoja kinakua hadi milimita 0.6.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi karatasi ipite kwenye mashine ya fotokopi. Wino wa unga hutanuka kidogo, nafasi nyeupe zikazibika, na kopi ya kopi huzidisha. Wengi hudhani dawa ni kuchagua kiwango cha juu kabisa cha kujirekebisha, H, kinachovumilia uharibifu wa karibu asilimia 30 badala ya 15 ya M. Kwa kiungo kirefu, H inapandisha vimraba hadi 49 kila upande na kuvifanya vyembamba zaidi. Mimi ningebaki na M na kufupisha kiungo. Msimbo pia ningeuweka mbali na mikunjo: karatasi ya A4 ikikunjwa sehemu tatu kuingia kwenye bahasha, mikunjo hupita karibu sentimita 10 na 20 kutoka juu.

Jaribio la maana, basi, hufanywa kwa kopi ileile itakayopelekwa, ikunjwe na kukunjuliwa, kwa simu ya mtu mwingine. Simu yako haifai kuwa shahidi, kwa sababu imeshaingia kwenye akaunti yako. Drive huiacha folda mpya ikiwa “Restricted”, na mwenye folda haoni kizuizi chochote. Mgeni anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Badilisha iwe “Anyone with the link”, kisha fungua kwenye kichupo fiche. Hapo ndipo hitilafu hii hujitokeza kama bado ipo, na hakuna kiwango cha kujirekebisha kinachoiponya, kwani msimbo wenyewe umesomeka vizuri kabisa.

Kabla ya kugusa kiungo, soma anwani ambayo kamera inaionyesha. Ukikuta jina la tovuti iliyokutengenezea msimbo badala ya anwani uliyoandika, una msimbo unaopitia kwa mpatanishi. Baadhi ya tovuti hizo huuzima muda wa majaribio ukiisha, wakati wasifu uko tayari kwenye mafaili ya watu. Kiungo kilichofupishwa nacho kina mpatanishi, hilo ni kweli. Angalau wewe ndiye uliyemchagua na unajua jina lake.

Chini ya msimbo, andika kiungo chenyewe kwa maandishi, maana kuna atakayesoma wasifu kwenye kompyuta baada ya karatasi kuskaniwa. Sehemu ya mwisho ya kiungo cha bit.ly hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na l ndogo hufanana na 1. Huduma ikikuruhusu kuchagua maneno yako, tumia herufi ndogo tupu, kama `ramani-nyumba`, kisha mpe mtu karatasi aichape anwani hiyo bila wewe kumsomea.