Miwani Mpya na Kidato cha Mwisho

Siku ya kwanza, shangazi alisoma gazeti bila kulisogeza mbali na uso, akafurahi. Siku ya tatu, akishuka ngazi za benki, alidhani ameshafika chini, kumbe bado kidato kimoja. Mguu ulikanyaga hewa. Aliponea mkono wa kijana aliyekuwa akipanda.

Miwani yake ni ile ya mbali na karibu kwa pamoja. Juu ya lenzi ni pa kuonea mbali, katikati ni umbali wa kompyuta, chini ni pa kusomea kitu kilicho kama sentimita 40 kutoka usoni. Mtu anaposhuka ngazi huteremsha macho tu, kichwa kikabaki wima. Hapo kidato, ambacho kiko zaidi ya mita moja kutoka machoni, anakitazama kupitia sehemu ya kusomea. Ukingo wake unafifia, na kwa kuwa sehemu hiyo hukuza, kidato huonekana kiko karibu kuliko kilivyo. Ukingo wa barabara nao hudanganya vivyo hivyo.

Mwaka 2002 watafiti wa Sydney, Australia, waliripoti kuhusu wazee 156 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja: waliovaa miwani ya namna hii walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuanguka.

Shangazi alirudi kwa fundi wa miwani. "Mama, usiteremshe macho, teremsha kidevu," aliambiwa. Kidevu kikikaribia kifua, jicho hupita sehemu ya juu ya lenzi na kidato huonekana mahali pake. Alijizoeza kwenye ngazi za nyumbani mchana, mikono mitupu: anasimama, anashika reli, anainamisha kichwa, ndipo anashuka. Kidato cha mwisho alikibandika tepu ya njano ukingoni. Barabarani husimama kwanza kwenye ukingo, hata daladala ikipiga honi.

Wengi huzoea ndani ya wiki mbili, mradi wasirudie miwani ya zamani kila mara. Zikipita bila nafuu, rudi ukapimwe upya. Huenda fremu inateleza puani na kuishusha sehemu ya mbali. Ukianza ghafla kuona kitu kimoja kuwa viwili, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Anayetoka sana anaweza kuomba miwani ya pili, ya mbali tu, ya kutembelea nje. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha kwamba iliwapunguzia kuanguka wazee wanaotoka mara kwa mara. Wasiotoka sana walizidi kuanguka nje. Shangazi huenda sokoni kila siku, hivyo aliichukua.

Ngazi za benki bado anazishuka akihesabu. Vidato ni 12, na cha 12 hukipapasa kwa ncha ya kiatu.